Robo ya Nini?

Kidole gumba cha Nsimire kilikuwa kimekwisha kumwibia mara moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyekubali kichovywe katika wino.

Ilikuwa mwaka uliofuata kifo cha mume wake Philémon. Kijana mmoja kutoka ofisi ya kilimo alifika Mumosho na mkoba wa plastiki chini ya kwapa, akipita nyumba kwa nyumba kuandika mashamba ya watu. Alikaa kwenye kiti cha Philémon bila kukaribishwa, akauliza shamba limepandwa nini. Nsimire akamjibu kama mtu anayejua kwake: nusu ni ndizi, nyumba na kiwanja vikihesabiwa humo, robo ni maharage, nusu ya robo ni muhogo, na kipande kilichobaki, sawa na kile cha muhogo, ni viazi vitamu. Kijana aliandika, akageuza karatasi, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kuchanjwa, akabonyeza kidole gumba cha Nsimire chini ya ukurasa. Kisha akanywa maji, akaenda. Mwezi uliofuata walimhamishia Shabunda, na hakuna aliyemkumbuka tena.

Nsimire hakusoma. Siku alizopaswa kuwa shuleni alikuwa akichota maji mto Ruzizi, kwa sababu kaka zake walikuwa watatu na baba yake alisema daftari haziwezi kutosha watu wanne. Alipoolewa, hakuzaa mtoto wa kiume. Alizaa wasichana wawili, Apolline na Constance, wakaolewa mbali, na ukoo wa mume ukamtazama kama nguo iliyoachwa kwenye kamba baada ya wenyewe kuhama. Haya yote alikuwa ameyahesabu. Hakusahau hata moja.

Shemeji yake Donatien alikuwa karani Bukavu. Mwaka serikali ilipoamuru watu wachukue majina ya kizalendo aliacha jina la Donatien ofisini, akavaa jingine refu la babu, na aboskoti, lile koti la maofisa lisilo na kola. Lakini Mumosho aliendelea kuitwa Donatien, na alipoitwa aliitika. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja alishuka kutoka kwenye lori akiwa na vikapu sita vya miche ya kenkina, ile miti ambayo gome lake hupelekwa kiwandani kutengenezwa dawa ya malaria. Nyuma yake walikuja vibarua wawili na fungu la vigingi vya mikaratusi.

Nsimire alikuwa akipalilia maharage. Yalikuwa yametoa maua meupe na ya zambarau, na udongo ulikuwa bado na unyevu wa jana. Aliwaona wakianza barabarani, wakivuta utepe wa kupimia, wakiingia katikati ya migomba bila kubisha hodi. Walipofika mahali fulani ndani ya migomba, kibarua mmoja alipigilia kigingi. Kisha wakaenda kulia wakapigilia kingine, na kingine, hadi kwenye mpaka wa jirani yake Séraphine.

Alishuka akiwa na jembe mkononi.

"Shemeki Donatien. Unafunga mbuzi gani hapa?"

"Jambo, maman Apolline." Donatien alitoa kitambaa, akajifuta shingo. "Hapana mbuzi. Ni mupaka. Kuanzia barabarani mpaka kwenye vigingi, hekta moja. Ile ni yako, hakuna mutu atakugusa. Kuanzia vigingi kwenda juu mpaka kwenye ukingo wa bonde, iko wazi."

"Wazi? Na ile maharage nilikuwa napalilia, ni ya pepo?"

Vibarua wakacheka. Donatien hakucheka. Alitoa karatasi mfukoni, akaifungua kwa heshima kama mtu anayefungua kitabu cha ibada.

"Karatasi inasema hivi. Shamba la maman Nsimire: ndizi, hekta zero virgule cinquante, ile ni nusu. Maharage, zero virgule vingt-cinq, robo. Muhogo, zero virgule cent vingt-cinq, nusu ya robo. Viazi, vile vile. Jumla, hekta moja. Kidole ni cha nani hapa chini?"

Nsimire alitazama doa jeusi. Alilitambua. Kovu la panga lililopita katikati ya kidole chake lilikuwa limetoka kama mto kwenye ramani.

"Ardhi ya Zaïre yote iko ya Leta, ya serikali, shemeki," Donatien aliendelea, sasa kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko ya ukali. "Mwenye kuandikisha ndiye iko nayo. Wewe uliandikisha moja. Mimi nimeomba ile imebaki, kwa sababu ni ya ndugu yangu na sitaki wageni waichukue. Tume ya ardhi itafika hapa alhamisi ya juma lijalo kuangalia kama iko wazi kweli. Usilete kelele mbele yao. Maharage haya utavuna, sikatazi. Kisha nitapanda kenkina."

"Na Philémon?"

Donatien akatazama juu kwenye migomba. Kaburi la Philémon lilikuwa kwenye migomba ile ile, hatua kumi juu ya vigingi.

"Kaburi hatutagusa," alisema.

"Kwa hiyo nitaomba ruhusa kwako kwenda kung'oa majani juu ya mume wangu."

"Maman, usifanye hivyo. Shika, nimekuletea kopi yako." Alimpa karatasi ya pili, akawaambia vibarua wapange vikapu kivulini kando ya barabara na wamwagie miche maji, kisha akapanda lori lililokuwa likirudi mjini.

Muhogo na kenkina si kitu kimoja, na kila mtu wa Mumosho alilijua hilo. Ukimwazima mtu ardhi ya kupanda maharage, akivuna anakurudishia. Lakini mti wa miaka mingi ni kama msumari. Kenkina ikishika mizizi, wajukuu wa Donatien wangekuwa wakibandua magome pale wakati wajukuu wa Nsimire wakipita barabarani na kuulizwa wametoka wapi. Alisimama kati ya vigingi na kaburi mpaka jasho lilipomkauka mwilini. Kisha akaingia nyumbani, akatoa kamba iliyoning'inia darini.

Kamba hiyo ndiyo aliyoiacha Philémon. Miaka kumi na minne alikuwa mshika mnyororo wa wapima ardhi, yule mtu anayekwenda mbele na ncha ya mnyororo huku mwenye kofia akitazama kwenye darubini na kuandika. Hakupandishwa cheo hata siku moja, lakini alirudi na elimu yake miguuni. Alisuka kamba ya katani yenye urefu sawasawa na mnyororo wa kazini, mita ishirini, na kila msimu alimfundisha mkewe kushika ncha ya pili, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha.

"Séraphine!" Nsimire aliita juu ya ua. "Njoo unishikie kamba."

Séraphine alikuja na ugali shavuni. Alikuwa mjane pia, mnene, mwenye ulimi usiokaa nyumbani.

"Unataka kujinyonga ama kunyonga?"

"Kupima. Simama pale chini, kwenye jiwe la mupaka. Hapana, usilaze kamba kwenye udongo! Mulima ukipanda, kamba ikiulalia inahesabu mulima, haihesabu shamba. Inua ncha yako mpaka ikuwe sawa na yangu. Sasa angusha jiwe dogo chini ya mukono. Pale pale. Pale ndipo tunaanzia."

"Philémon alikufundisha haya yote na hakukufundisha kuandika jina?"

"Yeye pia aliandika yake kwa tabu. Vuta."

Walipima upana, barabarani na juu kwenye bonde: kamba sita, chini sita, juu sita, kwa sababu Philémon aliweka mawe yake ya mpaka kwa haki. Kisha urefu, kutoka barabarani mpaka bonde: kamba kumi. Migomba ilichukua kamba tano za kwanza. Maharage yalichukua mbili na nusu. Muhogo ulichukua moja na robo, na viazi vitamu moja na robo ya mwisho. Vigingi vya Donatien vilikuwa juu ya kamba ya nne kidogo.

Séraphine alijikalia kwenye shina la mgomba, akapepea kwa kanga.

"Ikasemaje kamba yako?"

Nsimire aliingia ndani. Alileta ungo na kikombe cha maharage. Alipanga sita kwa upana na kumi kwa urefu, kama shamba lilivyolala. Maharage sitini. Kila harage lilikuwa mraba mmoja wa kamba, kamba upande huu na kamba upande ule. Alipokunja kamba mara mbili, nusu kwa nusu, aliona mraba mmoja una viwanja vinne vya mita kumi kwa mita kumi. Hicho kiwanja Philémon alikiita are. Kwa hiyo kila harage lilibeba are nne, na sitini yalibeba mia mbili na arobaini. Are mia moja hufanya hekta. Hekta mbili na are arobaini.

Akagawa. Nusu, maharage thelathini, ndizi. Nusu ya hiyo nusu, kumi na tano. Nusu ya robo, saba hapa na saba pale. Na moja lililobaki akalichukua, akalibana kwa kucha, likapasuka katikati kama maharage yapasukavyo, akaweka nusu hapa kwa muhogo na nusu pale kwa viazi.

"Ndizi thelathini mara nne, are mia moja na makumi mbili," alisema polepole. "Maharage kumi na tano mara nne, are makumi sita. Saba na nusu mara nne, makumi tatu. Na makumi tatu nyingine. Nilimwambia kweli yule kijana, Séraphine. Kila kitu nilimwambia ni kweli. Sasa hekta moja imetoka wapi?"

Hapo ndipo ungo ulipogoma. Ukweli wake ulikuwa kwenye maharage, uongo ulikuwa kwenye karatasi, na kati yao hakuona mlango. Mtu akienda mbele ya tume na kusema tu kwamba karatasi inadanganya, wataitazama karatasi, watamtazama yeye, na wataamini ile iliyo na muhuri.

Kesho yake alipanda Bukavu kwa miguu, maharage makavu kichwani, karatasi kwenye sidiria. Alifika soko la Kadutu jua likiwa limewaka, akaenda moja kwa moja kwa Mwanvita, muuza vitenge aliyenunua maharage yake tangu Philémon akiwa hai. Watu wa Mwanvita walikuwa Waislamu wa Uvira, na baba yake alimfundisha hesabu dukani kabla ya kumfundisha kupika.

"Karibu, mama wa maharage. Mbona uso umekauka hivyo? Umeachwa na nani?"

"Nimeachwa na hekta moja na are arobaini. Nisomee hii."

Mwanvita alifuta mikono, akasoma. Alianza kusoma kwa sauti, kisha akasoma kimya, midomo ikitembea.

"Hapa kuna mistari miwili kwenda chini. Wa kwanza juu yake wameandika 'sehemu'. Wa pili, 'eneo kwa hekta'. Namba ni zile zile mistari yote miwili. Nusu, wameandika nukta hamsini. Robo, nukta ishirini na tano. Nusu ya robo, nukta mia na ishirini na tano. Halafu tena, neno kwa neno, kwenye mstari wa hekta."

"Zile zile?"

"Zile zile. Mutu alinakili. Alikuwa mvivu ama njaa ilimushika." Mwanvita alipitisha kidole kwenye mistari yote miwili, kisha akaanza kucheka, akapiga paja. "Nsimire! Mukwetu, angalia hapa. Mutu akija kwangu akisema, nipe nusu piesi, namupa nini?"

"Yadi sita."

"Kwa nini sita?"

"Piesi nzima ni yadi kumi na mbili. Nani hajui hiyo?"

"Na kama nikimukatia nusu yadi? Nikimuambia, maman, umesema nusu, shika nusu, enda ukajifunge?"

Nsimire hakucheka. Alikaa juu ya gunia la vitenge kama mtu aliyepigwa na jua. Nusu, lakini nusu ya nini? Robo, lakini robo ya nini? Aliyoisema yeye ilikuwa robo ya shamba. Waliyoiandika wao ilikuwa robo ya hekta. Na sehemu zote za kitu chochote, ukizijumlisha, hurudi kuwa moja: shamba moja, piesi moja, mkate mmoja. Moja hiyo walikuwa wameivisha koti la hekta. Angekuwa na shamba la hekta kumi, karatasi ingesema moja. Angekuwa na bustani ya mchicha nyuma ya choo, karatasi ingesema moja.

"Kwa hiyo si uongo," alisema. "Ni ujinga."

"Kijana alikuwa mujinga. Shemeki yako ni karani miaka ishirini, maman. Yeye si mujinga. Yeye aliona mulango wazi, akaingia."

Mwanvita alimmiminia chai kwenye kikombe cha bati, akakataa kulipwa, na alipomsindikiza mpaka mwisho wa safu ya vitenge alimwambia: "Usiwaambie wanadanganya. Bakubwa hawapendi. Waulize tu robo ya nini."

Alhamisi tume ilifika. Walikuwa wanne kwenye gari moja la jipu: Léopold, agronomu au bwana shamba wa wilaya, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya; mtu wa ofisi ya ardhi na begi lake; shefu wa kijiji, waliyemchukua njiani; na Donatien, aliyekaa mbele. Miche ya kenkina ilikuwa bado kwenye vikapu kando ya barabara. Hakuna mtu aliyekuwa ameimwagia maji tangu siku ile, na majani yalikuwa yameanza kulegea.

"Citoyenne Nsimire ni nani?" aliuliza Léopold, akimwita raia kama ilivyoamriwa.

"Ni mimi, muzee."

"Tumekuja kuona ardhi imeombwa. Citoyen hapa anasema juu ya vigingi hakuna mutu."

"Karibuni, baba. Lakini kabla ya kupanda juu, naomba tuanze chini." Maneno yalitoka kwa mpangilio. Alikuwa ameyazoeza tangu aliporudi kutoka Bukavu. "Karatasi iko na wewe? Naomba usome ndani ya hekta yangu kuna nini."

Léopold akamtazama Donatien, kisha akasoma. Ndizi, nusu. Maharage, robo. Muhogo. Viazi vitamu.

"Asante. Sasa tutembee ndani ya vigingi vya shemeki. Baba shefu, wewe pia. Tutafute yale maharage."

Wakatembea. Walianzia barabarani, wakapita nyumba, wakapita jiko, wakapita banda la mbuzi, na kuanzia hapo ilikuwa migomba kulia na migomba kushoto, mpaka walipogonga kigingi.

"Nimeona ndizi," alisema shefu.

"Maharage hujaona, baba?"

"Hakuna maharage."

"Muhogo?"

"Hakuna."

"Karatasi inasema ndani ya hekta yangu robo ni maharage. Shemeki amenifungia hekta haina hata harage moja. Kama hii ndiyo ile hekta ya karatasi, maharage yangu yamekimbia wapi?"

Séraphine, aliyekuwa amejileta bila kuitwa, alisema kwa sauti ambayo alitaka isikike: "Yamepanda lori."

Donatien aliinua mkono. "Citoyen agronome, mupaka niliupima kuanzia barabarani kwa kurahisisha kazi. Kipimo ni hekta moja. Mazao yamepangwa vipi, ile ni mambo ya bibi. Karatasi ni karatasi. Alitia kidole."

"Nilitia," alisema Nsimire. "Nilimuambia kijana robo. Muzee Léopold, nakuuliza kwa heshima, wewe mwenye kusoma. Robo ya nini?"

Léopold alivua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa tena, akaitazama karatasi safari hii kama mtu anayetazama jino linalouma. Kidole chake kilishuka kwenye mstari wa kwanza, kikashuka kwenye wa pili, kikarudi.

"Ah, bon," alisema taratibu. "Sehemu zimenakiliwa kwenye hekta."

"Basi hatujui shamba ni kubwa namna gani," alisema yule wa ofisi ya ardhi. "Inaweza kuwa chini ya hekta moja pia."

"Mi najua," alisema Nsimire. Akachukua kamba begani.

Donatien akacheka kidogo. "Kamba ya katani! Mwaka huu wa Mungu!"

"Ni ya ndugu yako, shemeki. Ulikuwa unaiona ikining'inia kila siku ulikuja kula hapa." Akamgeukia Léopold. "Baba, uko na utepe wa chuma. Upime kamba kwanza. Kama ni mwongo, tuichome."

Walilaza kamba barabarani, utepe kando yake. Léopold aliinama, akapiga goti moja.

"Imepungua kidole kimoja," alisema. "Mvua. Kwa shamba zima kosa lake halifiki are moja. Haya. Nani anashika ncha?"

"Mimi," alisema Séraphine, akikaza kanga kiunoni.

Wakapima. Upana kamba sita. Walipoanza kupanda mlima, yule wa ofisi ya ardhi alitaka kuwaambia wasilaze kamba kwenye mteremko, lakini Séraphine alikuwa tayari ameinua ncha yake juu ya kichwa na kuangusha jiwe. Walipopita kwenye kaburi, Nsimire alipitisha kamba juu yake bila kusimama. Mwisho wa kamba ya tano migomba iliisha kama iliyokatwa kwa kisu. Mwisho wa kamba ya saba na nusu yaliisha maharage. Ya kumi iliwafikisha ukingoni mwa bonde, kwenye viazi.

Nsimire aliweka ungo juu ya jiwe. Maharage sitini yalikuwa yamekwisha kupangwa. Aliwaonyesha kila harage ni are ngapi, akayagawa mbele yao bila haraka, akapasua lile la mwisho. Léopold alikuwa akiandika pembeni ya karatasi kwa kalamu, mita mia na ishirini mara mita mia mbili, na walimaliza karibu pamoja.

"Hekta mbili, are arobaini," alisema Léopold.

"Ndizi hekta moja na are ishirini," alisema Nsimire. "Maharage are sitini. Muhogo thelathini, viazi thelathini. Sehemu hazikubadilika, baba. Nusu bado nusu, robo bado robo."

Shefu alitema mate pembeni, akamgeukia Donatien. "Mwenye kuomba ardhi wazi ni wewe?"

"Shefu, kwa karatasi ilikuwa..."

"Nimeuliza kwa macho. Unaona mahali wazi hapa? Mimi nimekanyaga maua ya maharage, naomba radhi kwa mama."

Donatien alikunja karatasi yake. Aliangalia chini kwenye barabara, ambako vikapu vyake sita vilionekana vidogo. Yule wa ofisi ya ardhi alitoa fomu moja kwenye begi, akaandika kwamba ardhi iliyoombwa imekutwa imelimwa na ina mwenyewe, na ombi limekataliwa. Halikuwa tendo la wema. Alitaka kurudi Bukavu kabla ya mvua. Lakini aliliandika.

Kisha Léopold alitoa karatasi mpya, ya kusahihisha ile ya zamani, akaijaza, akafungua kibati cha wino.

"Kidole, maman."

Nsimire aliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Nisomee kwanza."

"Ndizi, sehemu nusu, eneo hekta moja na are ishirini. Maharage, robo..."

"Robo ya nini?"

"Ya shamba, maman. Si umetupimia sasa hivi?"

"Nimekupimia wewe. Wewe utahamishwa, kama yule kijana. Kesho mutu mwingine atakaa mezani na njaa, atanakili. Andika hapo ubavuni: robo ya shamba la hekta mbili na are arobaini. Na nusu hivyo hivyo. Na zote."

"Nafasi ni ndogo."

"Andika maneno madogo."

Léopold akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari. Aliandika maneno madogo, mara nne, akisoma kila mstari. Alipofika kwenye nafasi ya jina la mwenye shamba, kalamu ilisita, akamtazama Donatien, kisha shefu. "Warithi wa Philémon?" aliuliza.

"Nsimire," alisema Nsimire. "Philémon hawezi kutia kidole."

Akaandika Nsimire. Ndipo alipotoa mkono, akachovya yeye mwenyewe bila kushikwa, akabonyeza. Kovu likatoka vizuri.

Gari liliwashwa. Donatien hakupewa tena kiti cha mbele; shefu alikuwa amekwisha kukaa. Nsimire alimfuata mpaka kwenye mlango wa nyuma.

"Shemeki."

"Nini tena?"

"Vigingi vyako nitang'oa leo, nitapikia. Na miche yako iko na kiu. Uibebe, isifie mbele ya nyumba yangu, watu watasema mimi ni mchawi."

Donatien alivipandisha vikapu mwenyewe, kimoja kimoja, aboskoti likijaa udongo mweusi kifuani. Nsimire hakumsaidia. Alisubiri mpaka kile cha sita, kisha akapanda mlima. Kulikuwa na mistari mitano ya maharage iliyokanyagwa na viatu vya wakubwa, na jua lilikuwa bado juu kidogo. Aliinama, akaanza kuinyoosha, mmea mmoja baada ya mwingine, akiikandamizia udongo kwa kidole kile kile kilichokuwa bado cheusi.